PWM au MPPT? Maswali ya wanaofunga sola Kigoma kuhusu chaji kontrola

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwenda duka la sola pale Mwanga akawekewa kontrola mbili mezani, zote za ampea 20. Moja imeandikwa PWM na bei yake ni nafuu. Nyingine imeandikwa MPPT na bei yake ni mara tatu au nne ya ile ya kwanza. Muuzaji anasema hiyo ya pili ndiyo nzuri. Kabla hujatoa hela, uliza: ni nzuri kwa paneli gani? Karibu kila jibu hapa chini linaanzia nyuma ya paneli yako, kwenye ile stika yenye namba.

Kontrola inafanya kazi gani?

Inakaa kati ya paneli na betri. Betri ya asidi ya volti 12 hujazwa hadi volti 14.4 hivi, kisha hushushwa na kutunzwa kwenye 13.6 hivi. Paneli ikiungwa moja kwa moja haina habari na hayo. Itaendelea kusukuma umeme mpaka maji ya betri yachemke na kukauka. Kontrola inalizuia hilo, na usiku inazuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli. Kwa kazi hii PWM na MPPT ziko sawa. Zinatofautiana katika namna zinavyovuna umeme wa paneli wakati betri bado ina njaa.

Basi tofauti yenyewe iko wapi?

PWM ni swichi inayowaka na kuzima kwa kasi kubwa. Ikiwaka, paneli na betri huwa kama zimeungwa waya kwa waya, kwa hiyo volti za paneli hushuka mpaka zilingane na za betri. Ampea zinazotoka kwenye paneli ndizo zinazoingia kwenye betri, hazipungui wala haziongezeki. Volti zilizozidi haziingii popote, zimepotea.

MPPT ndani yake ina koili, na inaiacha paneli ifanye kazi kwenye volti inayotoa wati nyingi zaidi, yaani ile iliyoandikwa Vmp kwenye stika. Halafu inashusha volti hizo hadi kiwango cha betri, na kile kilichoshushwa kwenye volti kinarudi kama ampea za ziada. Ndiyo maana MPPT ya kweli inaweza kupokea ampea 8 kutoka kwenye paneli na kuipa betri ampea 17. PWM haiwezi kufanya hivyo hata siku moja.

Ukilielewa hilo, umeshaona ufunguo wa hesabu yote: MPPT inapata faida kwenye pengo kati ya volti za paneli na volti za betri. Pengo likiwa kubwa, faida ni kubwa. Pengo likiwa dogo, umenunua kiboksi cha bei kubwa cha kufanya kazi ya kile cha bei ndogo.

Nina paneli moja ya wati 100 na betri ya volti 12. Ninunue MPPT?

Hapana. Kwa nyumba ya aina hii sina shaka na jibu langu, nami nitakuonyesha hesabu.

Paneli ya wati 100 ya kawaida ina seli 36. Stika yake husema Vmp ni kama volti 18 na Imp, yaani ampea zake kwenye volti hizo, ni kama 5.5. Namba hizo zimepimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli iliyo juu ya bati hapa Kigoma, saa saba mchana, seli zake hufika nyuzi 60 kwa urahisi. Kila nyuzi moja inayoongezeka hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu ya paneli, na karibu zote hizo zinatoka kwenye volti. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 14. Zile volti 18 zimekuwa 15.5.

Sasa betri inachaji ikiwa na volti 13. Kwa PWM inapata ampea 5.6 hivi, yaani wati 73. Kwa MPPT paneli inatoa wati 86, kontrola yenyewe inakula kama asilimia 5, zinabaki wati 82, sawa na ampea 6.3. Umepata asilimia 12 zaidi. Kwa siku yenye saa tano za jua kali ni ampea-saa 3 na nusu, zinazotosha kuwasha taa moja ya wati 5 kwa saa nane. Na betri ikishakaribia kujaa, faida hiyo inatoweka kabisa, kwa sababu hapo kontrola yoyote ile inapunguza umeme kwa makusudi.

Chukua ile tofauti ya bei uulize paneli ya wati 50 ya volti hizohizo inauzwaje. Ukiiunga sambamba na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeongeza nusu nzima ya umeme wako. Asilimia 50 dhidi ya 12. Mtu akikuambia MPPT inaongeza asilimia 30, huenda hadanganyi, ila anasoma takwimu za nchi za baridi, ambako paneli hubaki na volti zake juu na betri hulala karibu tupu. Kwetu joto linaliziba pengo.

Mbona jirani yangu alibadilisha akaweka MPPT na umeme ukawa karibu mara mbili?

Inawezekana kabisa, na karibu lazima paneli yake iwe ile kubwa ya seli 60. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku hizi paneli kubwa mara nyingi ni nafuu kwa kila wati kuliko zile ndogo za wati 100. Zimetengenezwa kwa ajili ya mitambo mikubwa inayounganisha paneli nyingi kwa mfululizo, wala hazikukusudiwa betri moja ya volti 12. Paneli ya wati 275 yenye seli 60 ina Vmp ya volti 31 hivi, Imp ampea 8.8, na Voc, yaani volti zake ikiwa haijaungwa popote, 38.5.

Fikiria duka la Nguruka, kando ya reli, lenye friji ndogo ya soda ya volti 12, taa tatu na wateja wa kuchaji simu. Friji inakula ampea-saa 45 kwa siku, taa na simu 15, jumla 60. Betri ya asidi hairudishi yote unayoiwekea, kwa hiyo ili utoe 60 unahitaji kuingiza kama 70. Mwenye duka ana betri ya ampea-saa 200, kanunua ile paneli ya wati 275, na fundi kamfungia PWM ya ampea 20 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

PWM inaivuta paneli kutoka volti 31 hadi 13. Ampea zinabaki 9. Tisa mara kumi na tatu ni wati 117. Paneli ya wati 275 imegeuka kuwa paneli ya wati 117, na hakuna kilichoharibika, hakuna taa nyekundu, kontrola inaonyesha inachaji vizuri. Kwa saa tano za jua zinaingia ampea-saa 45, na duka linahitaji 70. Kila siku betri inarudi nyuma kidogo. Baada ya wiki friji inazima usiku wa manane, mwenye duka analaumu betri, ananunua betri nyingine, na hiyo nayo inakufa kwa njaa ileile.

Weka MPPT hapo. Joto limepunguza paneli hadi wati 236, kontrola imekula kidogo, betri inapata kama wati 225. Ukigawa kwa volti 13 ni ampea 17. Kwa siku ni ampea-saa 85, na duka linahitaji 70. Friji inalala ikiwa inafanya kazi. Hapa MPPT imejilipa, maana bila hiyo angelazimika kununua paneli nyingine kubwa ili apate umeme ambao tayari anao juu ya bati.

Nitajuaje paneli yangu ni ya aina gani?

Igeuze usome Vmp. Ikiwa 17 hadi 19, ni ya betri ya volti 12 na PWM inaifaa. Ikiwa 34 hadi 38, ni ya seli 72 na PWM inaifaa kwenye mfumo wa volti 24, si kwenye 12. Ikiwa kati ya 29 na 33, ni ya seli 60, ambayo kwa PWM haina betri inayoifaa. Kwenye volti 12 inapoteza zaidi ya nusu. Kwenye volti 24, joto la mchana linaishusha hadi kama 27, wakati betri inataka 28.8 ili ijae. Ampea zitapungua kila inapokaribia kujaa, na kujaa kwake kutakuwa kwa shida.

Zile kubwa za wati 450 na 550 zina Vmp ya volti 41 hivi. Hizo usizifikirie bila MPPT.

Kama stika imefutika, hesabu vipande vya seli kwa macho. Lakini paneli mpya nyingi zina seli zilizokatwa nusu, ukihesabu 120 jua ni sawa na 60, na 144 ni sawa na 72. Njia ya uhakika ni kupima kwa mita volti za paneli ikiwa juani bila kuungwa popote. Ukisoma karibu 20 ni seli 36, katikati ya thelathini ni 60, na arobaini na kitu ni 72.

Kama nina mfumo wa volti 24 na paneli moja ya seli 60, MPPT itaniokoa?

Haitakuokoa. MPPT nyingi zinashusha volti tu, hazipandishi. Na nyingi zinahitaji volti za paneli ziwe kama tano juu ya betri ndipo zianze kuchaji. Zile volti 27 za mchana hazitoshi. Unahitaji paneli mbili za aina moja kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili upate kama 62 za stika. Hapo MPPT ina nafasi ya kufanya kazi yake.

Paneli yangu iko mbali na nyumba. Je, umbali unabadilisha jibu?

Unabadilisha sana, na mafundi wengi hawauhesabu. Sema mwembe unaifunika nyumba ya Buhigwe, kwa hiyo paneli mbili za wati 100 zimewekwa kwenye nguzo mita 20 kutoka kwenye betri. Waya ni wa shaba wa milimita 4 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake ni kama omu 0.175.

Paneli hizo ukiziunga sambamba na kutumia PWM, zinapita ampea 11, na waya peke yake unakula volti karibu 2. Paneli zilikuwa na 15.5 kwa joto, zimefika betrini 13.5. Betri inataka 14.4. Itapata umeme asubuhi ikiwa tupu, lakini ikikaribia kujaa ampea zitapungua na itachelewa kujaa, na betri ya asidi isiyojaa inaota chumvi kwenye sahani zake na kufa mapema. Dalili yake ni kwamba kontrola inachelewa kufika kwenye taa ya kujaa hata siku ya jua ambayo hamkutumia umeme.

Ukiziunga mfululizo na kutumia MPPT, kwenye waya zinapita volti 31 na ampea 5.5 tu. Hasara ni chini ya volti moja katika thelathini na moja. Njia nyingine ni kubaki na PWM na kununua waya mnene mara mbili au tatu. Piga bei ya zote mbili: mita 40 za shaba nene si kitu cha kupuuza, na mara nyingi kontrola ndiyo nafuu.

Nachajia wavuvi betri za taa pale Kibirizi. MPPT itanifaa?

Biashara yako ina kitu ambacho nyumba ya kawaida haina: betri zinakuja asubuhi zikiwa tupu zote, na lazima ziondoke kabla mitumbwi haijaingia ziwani jioni. Betri tupu inakaa kwenye volti 12 na kidogo, kwa hiyo pengo ni kubwa kwa saa nyingi za siku. Hata kwa paneli za seli 36 faida inakaribia asilimia 20, na wewe unauza muda. Kama una paneli nne au zaidi, ningekushauri uilipie. Kama ni mbili tu, ongeza paneli kwanza.

Usiunge betri iliyoingia tupu sambamba na nyingine iliyojaa nusu. Iliyojaa itaimiminia tupu kwa ampea nyingi, na waya mwembamba utayeyuka. Kila betri iwe na fyuzi yake, na uzipange zile zinazolingana volti pamoja. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, wakumbushe wenye betri wasiziache tupu nyumbani mpaka giza lirudi.

Mvua za masika zinabadilisha chochote?

Kidogo. Mawingu yanashusha ampea sana lakini volti zinabaki juu na paneli ni ya baridi, kwa hiyo asilimia ya faida inapanda. Ila ni asilimia ya umeme kidogo. Wala MPPT haiondoi kivuli cha mti.

Nimenunua kontrola imeandikwa MPPT kwa bei ya PWM. Ni bahati?

Pole, huenda umeuziwa neno tu. Kontrola zenye MPPT kwenye boksi na PWM ndani ni nyingi sokoni, na hili linaniudhi kwa sababu anayeumia ni yule aliyejinyima ili alipie kitu bora.

Dalili za nje: MPPT ya kweli ni nzito kwa ajili ya koili, na mgongo wake una mapezi ya chuma ya kupoza joto. Ile ya ampea 30 inayoenea kiganjani na nyepesi kama redio ndogo, iwekee mashaka. Soma pia kikomo cha volti za paneli. Kama kontrola ya volti 12 inakuambia paneli isizidi volti 23 au 25, hiyo ni PWM, haijalishi boksi linasema nini.

Kipimo cha kumaliza ubishi kinafanyika mchana wa jua, betri ikiwa imetumika usiku na haijajaa. Pima volti kwenye vituo vya paneli vya kontrola inapochaji, kisha kwenye vituo vya betri. Kama paneli inasoma 13.4 na betri 13.0, paneli imevutwa chini, ni PWM. Kama paneli ya seli 60 inasoma 27 au 28 na betri 13, ni MPPT. Ukiwa na klampu mita, hakikisha inapima umeme wa DC, maana nyingi za bei nafuu hupima wa TANESCO tu. Shika waya wa paneli, kisha wa betri. Ampea za betri zikizidi za paneli, una MPPT. Zikilingana, rudi na risiti yako siku hiyohiyo. Usifanye kipimo hiki betri ikiwa imejaa, kwani hapo hata MPPT halisi huiacha paneli na utasoma namba za kukupotosha.

Nimeamua MPPT. Ninunue ya ukubwa gani?

Kuna vikomo viwili. Cha ampea: gawa wati za paneli kwa volti za betri. Wati 275 kwa 12 ni karibu 23, kwa hiyo chukua ya ampea 30. Ukizidisha wati kidogo, kontrola nzuri itakata ziada bila kuumia, mradi ampea za paneli zenyewe hazivuki kikomo chake cha upande huo.

Cha volti hakisamehe. Jumlisha Voc za paneli zilizo kwenye mfululizo, si Vmp. Mbili za 38.5 ni volti 77, na asubuhi ya baridi kule Kasulu au Kibondo zinaongezeka kama asilimia 3, zinakaribia 80. Kontrola yenye kikomo cha 75 itaungua siku ya kwanza jua linapochomoza, na hakuna garanti inayolipa hilo. Chukua ya 100.

Na kufunga kwake?

Betri kwanza, ili kontrola itambue kama ni volti 12 au 24, kisha paneli. Ukifungua, paneli itoke kwanza. Fyuzi iwe karibu na betri. Inveta iungwe kwenye betri yenyewe, si kwenye vituo vya taa vya kontrola, ambavyo havibebi mzigo huo. Halafu ingia kwenye mipangilio uchague aina ya betri: ya maji, jeli au lithiamu. Kontrola nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa kwa betri ya asidi, na ukiiacha hivyo kwenye lithiamu, betri ya bei kubwa itachajiwa kwa volti zisizo zake.